Barua ya ofa: laki nane ya mkononi au ya kwenye karatasi?

"Hongera, tumefurahi kukuchagua." Mwajiri anayeanza barua hivi hajakosea, furaha ina nafasi yake, nayo ni mstari wa kwanza. Kinacholeta ugomvi baadaye ni yale yanayofuata: "Utalipwa mshahara mzuri kwa mujibu wa taratibu zetu." Sentensi hiyo ina ukarimu wote duniani, lakini huwezi kuipangia kodi ya nyumba.

Tuseme hoteli moja ya Arusha inamtaka mtunza stoo. Barua yake ingesema: "Tunakukaribisha kuwa Mtunza Stoo, ukiwajibika kwa Meneja Ugavi, kuanzia Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026. Mshahara wako ni shilingi 800,000 kwa mwezi kabla ya makato." Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mchango wa mfanyakazi wa asilimia 10 kwenda NSSF ni 80,000. Kodi hukatwa kwenye 720,000 zinazobaki, na kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza 2021 inafika 60,000. Mkononi zinaingia 660,000. Asiyeambiwa mapema ataamini ameibiwa 140,000, na mwezi wa kwanza tu ameshanuna. Posho ya chakula au usafiri, kama ipo, iandikwe peke yake, isichanganywe na mshahara.

Tarehe ya kuanza nayo ina mtego. Mfanyakazi wa Bara anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Barua ikimfikia tarehe 10 Mei, hawezi kuripoti tarehe 1 Juni bila kumlipa mwajiri wake wa sasa fedha badala ya notisi, au kuombana naye ruhusa. Mwajiri muungwana humuuliza kwanza, ndipo anaandika tarehe.

Halafu yako masharti. Wengi huyaficha mwishoni kwa kuogopa kuonekana wakali, kumbe hapo ndipo uwazi unapokuwa heshima: "Ofa hii itathibitishwa baada ya kuhakiki vyeti vyako na kupokea majibu ya wadhamini wako. Tutakujulisha kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Aprili. Muda wa majaribio ni miezi sita." Hakuna ukali hapo. Kuna tarehe, na anajulikana nani anasubiri nini. Barua isiyo na tarehe ya uthibitisho humwacha mtu akining'inia, au mbaya zaidi, humfanya aache kazi aliyonayo kwa ahadi ambayo bado ina "iwapo" ndani yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi, anapoanza kazi, maelezo ya kazi yenyewe, mahali, saa na malipo. Kwa hiyo kuuliza si ujeuri. Na wewe uliyepokea barua yenye masharti, usiandike ya kuacha kazi mpaka uwe na ile ya uthibitisho mkononi.