Mita 48 za Kwanza Kando ya Antena

Kuna kosa moja ambalo mafundi wa redio hulifanya kwa nia njema kabisa. Fundi anapima nguvu ya uga wa umeme mita 5 kutoka kwenye antena fupi, anajua kwamba mawimbi ya redio hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, basi anagawanya: umbali ukiwa mara mia, uga utakuwa moja ya mia. Anaandika jibu na kuondoka. Kwa antena nitakayoieleza hapa, jibu hilo limezidi ukweli karibu mara mia moja. Hesabu yake ya kugawanya haina kasoro. Tatizo ni kwamba alichokipima pale mita 5 kwa sehemu kubwa hakikuwa wimbi.

Tuanze na antena yenyewe. Chukua waya ulionyooka, mfupi sana kuliko urefu wa wimbi linalotoka, na upitishe ndani yake mkondo unaokwenda na kurudi. Chaji chanya inajikusanya ncha ya juu na hasi ncha ya chini, kisha zinabadilishana, tena na tena. Hiyo ndiyo dipoli fupi. Heinrich Hertz aliitumia katika majaribio yake kule Karlsruhe, Ujerumani, na mwaka 1889 akachapisha hesabu za uga wake pamoja na michoro inayoonyesha mistari ya uga ikijikunja, ikikatika na kuondoka. Katika vifaa vyake vya awali alifunga tufe za metali kwenye ncha za waya. Tufe hizo zilikuwa mahali pa chaji kujikusanya, hivyo mkondo ukawa karibu sawa kwenye waya mzima, jambo linalorahisisha sana hesabu. Hadi leo vitabu vya uhandisi huiita dipoli ya Hertz.

Uga wa umeme unaozunguka waya huu una sehemu tatu, na kila sehemu ina chanzo chake.

Ya kwanza nitaiita sehemu ya chaji. Chaji moja peke yake hutoa uga unaopungua kwa 1/r², r ikiwa ni umbali. Lakini hapa ziko mbili zinazopingana, moja juu na moja chini, na ukisogea mbali kidogo zinakaribia kufutana. Kinachobaki ni tofauti ndogo kati yao, na tofauti hiyo hupungua haraka zaidi, kwa 1/r³. Ya pili ni sehemu ya mkondo, yaani mwendo wa chaji kati ya ncha mbili. Hii hupungua kwa 1/r². Ya tatu ni sehemu ya wimbi, na chanzo chake ni mabadiliko ya mkondo, yaani chaji zinapoharakishwa na kupunguzwa mwendo. Hii hupungua kwa 1/r tu.

Uga wa sumaku una sehemu mbili tu, ya mkondo na ya wimbi, kwa sababu chaji iliyotulia haitoi sumaku. Na kuna uga wa umeme unaoelekea moja kwa moja kutoka kwenye antena kuja kwako, ule wa upande wa mstari wa umbali. Huo una sehemu ya chaji na ya mkondo, lakini hauna kabisa sehemu ya wimbi. Ndiyo maana ukisimama kwenye mstari wa waya wenyewe, juu ya ncha yake, utakuta uga mkali ukiwa karibu, na kwa mbali hutapata kitu.

Sasa tuweke tarakimu. Chukua dipoli ya mita 1, mkondo wenye kilele cha ampea 1, masafa ya megahezi 1, katikati ya mawimbi ya kati ya redio. Urefu wa wimbi ni mita 300. Tusimame ubavuni mwa waya, usawa wa katikati yake, na kwa sasa tuiache ardhi pembeni.

Sehemu zote tatu zinalingana mahali pamoja tu: umbali wa λ/2π, yaani urefu wa wimbi uliogawanywa kwa 6.28. Kwa masafa yetu ni karibu mita 48. Hapo kila sehemu ni kama milivolti 13 kwa mita. Sogea ndani hadi mita 4.8, moja ya kumi ya umbali huo. Sehemu ya wimbi imeongezeka mara 10, ya mkondo mara 100, ya chaji mara 1,000. Uga unaousoma ni volti 13 kwa mita, na karibu wote ni wa chaji. Ya wimbi ni asilimia 1 tu ya hiyo. Sasa toka hadi mita 480. Ukilinganisha na pale mita 48, sehemu ya wimbi imeshuka mara 10, ya mkondo mara 100, ya chaji mara 1,000. Unasoma milivolti 1.3 kwa mita, na karibu yote ni wimbi.

Yule fundi aliyepima volti 13 karibu na antena na kugawanya kwa mia alitarajia milivolti 130. Kilichopo ni milivolti 1.3.

Ndani ya mita 48 tuko kwenye ukanda wa karibu, nje yake tunaelekea ukanda wa mbali. Lakini mpaka huu si ukuta, na kinachotokea juu yake kinastahili kutazamwa kwa makini. Mtu angedhani kwamba mahali ambapo sehemu tatu zinalingana, uga wote utakuwa mkubwa kuliko kila moja. Sivyo. Wakati chaji ya ncha ya juu imefika kileleni, mkondo umesimama na uko tayari kugeuka. Kugeuka huko ndiko kunakozaa wimbi, na mwelekeo wake ni kinyume cha chaji. Kwa hiyo sehemu ya chaji na sehemu ya wimbi hupingana daima, moja ikivuta juu, nyingine chini. Pale mita 48 zinalingana kabisa, zinafutana, na kinachobaki ni sehemu ya mkondo peke yake, milivolti 13. Sumaku haina ufutano huo, kwa kuwa haina sehemu ya chaji.

Matokeo yake yanaonekana ukigawanya uga wa umeme kwa uga wa sumaku. Katika anga tupu, wimbi lililokomaa lina uwiano wa omu 377. Karibu na dipoli yetu, pale mita 4.8, uwiano ni kama omu 3,700, maana umeme wa chaji umetawala. Ukitoka nje unashuka, lakini haukomei kwenye 377. Pale mita 48 umezama hadi omu 267, na mbele yake kidogo unaanza kupanda taratibu: omu 304 kwenye mita 95, na 373 kwenye mita 480.

Na nishati? Hapa pana jambo ambalo mimi binafsi naliona zuri kuliko yote. Uso wa tufe hukua kwa r². Nguvu inayopita kwenye kila mita ya mraba ni zao la umeme na sumaku, na wimbi kwa wimbi linatoa 1/r². Moja linakua kama lingine linavyopungua, basi jumla ya nguvu inayotoka haibadiliki, uwe mita 5 au kilomita 500. Sehemu nyingine nazo hubeba nishati, tena nyingi, lakini inatoka robo ya mzunguko na kurudi robo inayofuata. Ukifanya hesabu yote, mchango wao kwenye wastani wa nguvu inayoondoka ni sifuri, hata ndani ya ukanda wa karibu. Kwa dipoli yetu nguvu inayoondoka kweli ni miliwati 4.4 tu. Zile volti 13 kwa mita za pale karibu zinatisha kwenye kipimo, ilhali kinachosafiri hakitoshi kuwasha balbu ya tochi.

Utajuaje basi uko ukanda gani? Njia ya kwanza ni kupima mara mbili, ya pili ukiwa umbali maradufu. Uga ukishuka hadi moja ya nane, umetawaliwa na chaji. Ukishuka nusu, ni wimbi. Njia hii inasaidia sana, lakini ina mtego pale mpakani. Kutoka mita 24 hadi 48 uga wa dipoli yetu unashuka mara 7. Kutoka 48 hadi 95 unashuka mara 2.2 tu, karibu kama wimbi kamili, ilhali bado uwiano wa umeme na sumaku haujafika 377. Ni ule ufutano unaodanganya. Kwa hiyo njia ya pili ni kupima na sumaku pia, kwa kifaa tofauti, na kugawanya. Njia ya tatu ni kugeuza antena ya kipimo ielekee kwenye chanzo, ukiwa umesimama pembeni kidogo na si ubavuni kabisa. Ukisoma uga unaoelekea kwako wenye nguvu ya kulingana na ule wa kukingama, bado hujatoka ukanda wa karibu.

Mpaka huu hufuata masafa. Kwenye simu ya megahezi 900 ni sentimita 5 hivi. Kwenye nyaya za umeme wa hezi 50 ni kilomita 955, hivyo uga wowote wa nyaya hizo unaoweza kuupima ni wa ukanda wa karibu, na anayeuita mionzi anakosea. Kadi za kugusisha za megahezi 13.56 zina mpaka wa mita 3.5. Zenyewe hutumia kitanzi badala ya waya, basi majukumu yanabadilishana na sumaku ndiyo inayobeba sehemu ya 1/r³. Ndiyo sababu kadi husomwa kwa sentimita chache na si kutoka upande wa pili wa chumba.

Yote haya yanahusu antena iliyo fupi kuliko wimbi, na umbali ulio mkubwa kuliko antena. Ukigusa waya kwa kipimo, mafomula haya hayakuhusu. Ardhi nayo hurudisha mawimbi na kubadilisha usomaji. Na kwa dishi kubwa, λ/2π haitoshi kabisa. Dishi la kipenyo cha mita 1.8 kwenye gigahezi 12 lina λ/2π ya milimita 4, lakini mawimbi kutoka pande zake zote hayajapangana sawasawa mpaka umbali wa 2D²/λ, yaani karibu mita 260.

Basi ukiletewa ripoti ya vipimo vya antena, ya mnara jirani au ya kifaa kipya, usianze na ile tarakimu ya volti kwa mita. Uliza kwanza masafa, ukubwa wa antena na umbali uliopimwa. Ripoti isiyo na hivyo vitatu irudishwe.