Nakala Saba Haziharakishi Lalamiko

Kila msimu wa mauzo ya mazao hapa Mhunze naletewa barua ile ile yenye swali lile lile: "Mtaalamu, nakala nyingine nimpelekee nani?" Chini ya sahihi tayari kuna Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, mbunge, TAKUKURU, Waziri wa Fedha, Ikulu na, mkiani kabisa, Benki Kuu ya Tanzania. Mwenye barua anatafuta jina la nane. Jibu langu ni hili: asiongeze, apunguze.

Watu wanaamini kwamba benki ikiona majina ya wakubwa itaogopa na kulipa. Haiogopi. Meneja wa tawi anajua, kama anavyojua karani yeyote, kwamba mwenye kazi ni yule aliyeandikiwa juu ya barua. Waliotajwa chini wamepewa taarifa tu. Ofisi sita zitaiweka barua hiyo kwenye faili, kila moja ikidhani nyingine inashughulika. Ile itakayojitahidi itaandika barua ya kuirudisha kwa benki hiyo hiyo, au itakuambia uende Benki Kuu. Wiki zimekwenda, fedha haijarudi.

Kibaya zaidi ni hilo jina la mkiani. Chini ya Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, mtoa huduma ndiye anayepelekewa lalamiko kwanza, na Benki Kuu hufuata akishindwa kulimaliza. Ukiwaandikia wote siku moja, barua yako yenyewe inathibitisha kwamba hukuipa benki nafasi ya kujibu. Utaulizwa: ulilalamika lini, na ulijibiwa nini? Huna la kusema.

Chukua mfano wa mkulima wa choroko aliyeweka shilingi 850,000 kwa wakala wa benki. Risiti ikatoka, salio halikupanda. Akapiga simu huduma kwa wateja, akapanda gari hadi tawini Shinyanga, akaambiwa "tunalifuatilia". Mwezi umekatika naye anasema amelalamika sana. Kwenye kumbukumbu hajalalamika hata mara moja, kwa sababu hakuomba namba ya lalamiko kwenye simu wala hakuacha karatasi tawini.

Alipaswa kuomba namba hiyo, kisha kuandika barua moja kwa meneja, iwe na tarehe, kiasi, namba ya wakala, namba ya muamala na anachotaka. Aende na nakala ya pili, igongwe muhuri wa kupokelewa, aondoke nayo. Hapo hapo aulize jibu litatoka baada ya siku ngapi, aandike. Siku hizo zikipita kimya, au jibu likija lisiloridhisha, ndipo aiandikie Benki Kuu bila kukawia, na kiini cha barua kiwe hivi:

"3 Juni: niliweka Sh 850,000 kwa wakala, risiti, kiambatisho A. 4 Juni: nilipiga simu, nikapewa namba ya lalamiko, nikaambiwa nisubiri saa 48. 10 Juni: nilipeleka barua tawini; nakala yenye muhuri, kiambatisho B. 18 Juni: nilipokea ujumbe kwamba suala linafanyiwa kazi, kiambatisho C. Tangu hapo sijajibiwa. Naomba Sh 850,000 iingizwe kwenye akaunti yangu."

Hakuna matusi humo, hakuna historia ya ukoo wala ada za watoto. Wala hakuna jibu la benki lililofichwa. Hapa wengi hujiumiza wenyewe. Kama benki ilisema fedha iliingia akaunti nyingine kwa sababu namba ilikosewa, liandike jibu hilo kama lilivyo, kisha onyesha kwamba namba iliyo kwenye risiti ni yako. Benki itatakiwa kujieleza na italitoa jibu hilo kwa vyovyote; likitoka kwao kwanza, wewe ndiye utakayeonekana mwongo.

Sasa anwani, upesi. Benki, fedha za kwenye simu na wakopeshaji wa daraja la pili, wale mnaowaita kausha damu: Benki Kuu, ambayo kwa kanda yetu ina tawi Mwanza. Saccos: Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kampuni ya bima: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au TIRA. Kikundi cha kuweka na kukopa: halmashauri, iliyopo hapa hapa Mhunze. Mkopeshaji wa mtandaoni: angalia kwanza kama ana leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zisizo nayo; anayekutisha kwa simu mpeleke polisi.

Shauri likiwa tayari mahakamani, limalizieni huko. Na ukienda Benki Kuu kuomba deni halali lifutwe kwa sababu mvua haikunyesha, hiyo si kazi yake: kaombe mkopeshaji akupangie upya marejesho, kwa maandishi.