Kifuko cha Saa Mbili Asubuhi

Aliyewahi kuchukua dawa kwenye dirisha la zahanati Mombasa au Tanga anaijua ile bahasha ndogo. Mhudumu ameandika juu yake kwa kalamu jina la dawa na "1x3", kisha akatamka: kimoja, kutwa mara tatu. Ukipewa dawa tano unaondoka na bahasha tano, na kazi ya kukumbuka ipi ni ya asubuhi na ipi ya usiku unabaki nayo mwenyewe.

Ziko famasia zinazofungasha kinyume cha hapo. Hazifungi kwa dawa, zinafunga kwa wakati wa kumeza. Vidonge vyote vya Jumatatu asubuhi vinaingia kifuko kimoja chenye upande unaoonyesha ndani, vya Jumatatu jioni vinaingia kingine, na vifuko vyote vinashikana kwa mfuatano hadi vinakuwa mkanda mrefu uliokunjwa ndani ya kisanduku. Wakati ukifika unachana cha mbele. Uswidi na Norwe wazee wengi wanaletewa mkanda wa wiki mbili mbili. Marekani mkanda wa siku 30 hufika kwa posta, na aliyeutangaza sana huko ni kampuni ya PillPack, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kununuliwa na Amazon mwaka 2018.

Ndugu zetu wengi walioko huko wamewachukua wazazi wao, kwa hiyo mkanda huu umeshaingia katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Na Kiswahili kina mtego wake hapa, ambao sidhani waliobuni vifuko waliwahi kuuwazia.

Tumchukulie mama mmoja wa kubuni, aliyetoka Mombasa na sasa anaishi kwa binti yake Minneapolis. Ana presha, kisukari, mafuta mengi kwenye damu, na tezi ya shingo iliyopungukiwa nguvu. Kila siku ana vifuko vinne. Cha 7:00 AM kina kidonge kimoja tu, levothairoksini ya tezi, kwa sababu dawa hiyo hutakiwa kumezwa tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Cha 8:00 AM, cha kumeza pamoja na chai, kina metformini, amlodipini, losartani na nusu kidonge cha bisoprololi. Cha 6:00 PM kina metformini ya pili, na cha 9:00 PM kina atorvastatini. Vifuko vinne kwa siku 30 ni vifuko 120.

Sasa mpe mama huyo mkanda bila maelezo. Amesoma "8:00", na tangu utoto wake nane ni saa nane, baada ya adhuhuri. Saa za Marekani zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane, zetu zinaanza kwa mawio na machweo, kwa hiyo kila saa iliyochapwa inamkosesha kwa saa sita. Kifuko cha 6:00 atakimeza saa sita mchana, cha 7:00 saa saba, cha 8:00 saa nane, cha 9:00 saa tisa alasiri. Dawa za siku nzima zimebanana kati ya adhuhuri na alasiri. Dozi mbili za metformini zilizopaswa kuachana saa kumi sasa zinaachana saa mbili, tena ya jioni ndiyo imetangulia, na dawa ya tezi imekuta tumbo lina wali. Kila kidonge kilichomo ni sahihi na lebo haina kosa hata moja.

Dawa yake ni kalamu ya wino usiofutika. Kwenye kifuniko cha kisanduku andika: 7:00 AM ni saa moja asubuhi, 8:00 AM ni saa mbili asubuhi, 6:00 PM ni saa kumi na mbili jioni, 9:00 PM ni saa tatu usiku. Tarehe nayo isomwe kwa jicho hilohilo. Marekani mwezi hutangulia siku, kwa hiyo 04/05 ni tarehe 5 Aprili, wala si 4 Mei. Jina la siku likiwa limechapwa, lifuate hilo kwanza.

Turudi kwenye lebo yenyewe, maana imebeba mengi kuliko saa. Juu kabisa kuna jina la mgonjwa, na mara nyingi tarehe yake ya kuzaliwa. Tarehe hiyo si pambo. Baba na mama wanaoishi pamoja wanaweza kuwa na jina moja la ukoo na visanduku viwili vinavyofanana kama mapacha. Chini yake huja siku, tarehe na saa, kisha orodha ya dawa zilizomo: jina, nguvu kwa mg au mcg, na idadi. Idadi isomwe polepole, kwa sababu nusu kidonge huweza kuandikwa 0.5, na nukta hiyo kwa macho ya mzee haionekani. Mikanda mingi huongeza sura ya kila kidonge: rangi, umbo, na herufi au namba zilizogandamizwa juu yake. Mwisho kuna jina na simu ya famasia, na mistari ya kusomwa na mashine.

Tarehe ya mwisho wa kutumia hailingani na ile ya kiwandani. Kidonge kikishatoka kwenye chupa yake, ulinzi wake dhidi ya unyevu na hewa umepungua. Viwango vya dawa vya Marekani vinataka mfungasho wa namna hii usipitishe siku 60 tangu ulipofungwa, wala usipite muda wa dawa yoyote iliyomo. Ndiyo maana kisanduku kilichosahaulika kabatini tangu mwaka jana si akiba.

Kukagua kunaanza na kuhesabu. Kifuko cha mama cha saa mbili asubuhi kinapaswa kuwa na vidonge vitatu vizima na nusu moja. Kabla hajakichana, binti anakiinua kwenye mwanga na kuvitenganisha kwa kidole juu ya plastiki. Jumatano anaona viwili na nusu.

"Mama, usikifungue kwanza. Nipe kinachofuata."

"Hicho ni cha jioni, mwanangu."

"Ndicho ninachokitaka."

Lebo ya kifuko cha jioni inasema kimoja, metformini. Ndani mna viwili.

Binti alijua aangalie wapi kwa sababu anajua mashine inavyofanya kazi. Vidonge hukaa kwenye vikopo, kila dawa na kikopo chake kilichochongwa kwa ukubwa wa kidonge hicho, ili kiachie kimoja kimoja. Vinavyoachiwa hupita katika faneli moja na kuangukia kwenye karatasi inayokwenda ikichapwa na kuzibwa kwa joto. Kidonge kikinata kwenye faneli kwa sababu ya umeme wa msuguano au unga wa dawa, kifuko chake huzibwa bila chenyewe, halafu chenyewe hudondokea kifuko cha nyuma yake. Kwa hiyo upungufu mahali pamoja mara nyingi una ziada jirani. Losartani ya asubuhi ilikuwa imelala kwenye kifuko cha jioni.

Famasia kubwa hupitisha mkanda mbele ya kamera inayohesabu vidonge na kulinganisha maumbo, na mfamasia akapitia vifuko vilivyotiliwa shaka. Kamera inakamata makosa mengi, lakini inababaishwa na vidonge vilivyolaliana na vilivyofanana rangi. Nusu kidonge ndiyo sumbufu zaidi. Kwa kawaida haitoki kwenye kikopo, inawekwa kwa mkono kwenye trei ya pembeni, na hapo ndipo mkono wa mtu unaporudi na makosa ya mtu. Ukiona unga mwingi ndani, au vipande badala ya nusu safi, huwezi kujua dozi iliyobaki ni kiasi gani. Angalia pia ukingo wa mziba, kwani kidonge huweza kubanwa hapo na kukatwa.

Kifuko kisicholingana na lebo yake hakifunguliwi wala hakisawazishwi kwa kuazima kidonge cha kesho. Kipige picha pande zote mbili, piga simu iliyo kwenye lebo, usome siku na saa, na mfamasia atasema kimezwe nini siku hiyo. Kama idadi ni sawa ila kidonge kimebadilika rangi, soma maelezo ya sura kwanza. Huenda famasia imenunua amlodipini ileile kutoka kiwanda kingine, na lebo mpya itaonyesha hivyo. Ikiwa lebo inasema cheupe cha duara na wewe unaona cha njano, piga simu.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, halitoki kwenye mashine. Linatoka kliniki, katikati ya mwezi. Mkanda ni maagizo ya daktari kama yalivyokuwa siku ulipofungwa, na haujui yaliyosemwa jana. Tuseme presha ya mama imepanda na daktari amebadili amlodipini kutoka mg 5 kuwa mg 10. Anachukua chupa mpya ya mg 10, anaanza kuimeza, na anaendelea na vifuko vyake ambavyo bado vina ile ya mg 5. Sasa anapata mg 15 kwa siku, wakati kiwango cha juu cha kawaida cha mtu mzima ni 10. Miguu ikianza kuvimba na kichwa kuzunguka, watu watasema ni uzee. Kwa hiyo kabla ya kutoka kliniki mwambie daktari kwamba dawa ziko kwenye vifuko, na famasia ipigiwe siku hiyohiyo. Wengine watatuma mkanda mpya na kutaka wa zamani uondolewe. Wengine watakuelekeza kidonge cha kutoa, na hapo ndipo maandishi ya sura yanapolipa gharama yake.

Zaidi ya hayo, si kila dawa iko humo. Insulini, dawa za maji, za kuvuta pumzi, na za kumezwa pale tu maumivu yanapokuja hubaki nje. Dabigatrani ya kuzuia damu kuganda haivumilii unyevu, inakaa kwenye chupa yake. Naitrogliserini ya kuweka chini ya ulimi nayo vivyo hivyo. Mgonjwa anayedhani mkanda ndiyo dawa zake zote atavisahau vilivyo nje, na hospitali ikimuuliza anatumia nini atataja nusu. Wajukuu pia wasisahaulike: kifuko kinachochanika kwa vidole vya bibi kinachanika kwa vya mtoto wa miaka mitatu.

Chupa haikwambii kama dozi ya jana ilimezwa, ila kifuko kinakwambia. Binti akirudi kazini jioni anaangalia tarehe ya kifuko cha mbele. Kikiwa cha leo 6:00 PM, mama yuko sawa. Kikiwa cha jana, hawamezi viwili kwa mpigo. Anakiweka kando kikiwa kimefungwa, anaandika siku kwenye kalenda ya ukutani, kisha anampigia mfamasia, na kwenye simu anataja saa kwa Kiingereza huku akimsomea mama ileile kwa Kiswahili.