Duara Jeupe Ndani ya Wino

Mgonjwa ni kijana wa miaka thelathini na kitu, anayeishi na VVU, ambaye aliacha dawa za ARV miezi kadhaa iliyopita. Kwa wiki mbili kichwa kinamuuma usiku na mchana, dawa za maumivu hazimsaidii tena, na sasa anaanza kuona vitu viwiviwili. Daktari anashuku homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Anamchoma sindano kiunoni, anatoa maji ya uti wa mgongo na kuyapeleka maabara. Huu ni mfano tu, lakini wagonjwa wa namna hii wapo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Maji yenyewe ni maangavu. Wengi hutarajia ugonjwa mkali wa uti wa mgongo utoe maji yaliyochafuka, na unaposababishwa na bakteria mara nyingi ndivyo ilivyo. Kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka, chembe nyeupe zinazojitokeza kupigana huwa chache, kwa hiyo maji yanaweza kubaki safi machoni huku yamejaa fangasi.

Mtaalamu wa maabara huzungusha maji hayo katika sentrifuji kwa dakika chache ili kilichomo kitulie chini. Huchukua tone la mashapo, akalichanganya kwenye kioo na tone dogo la wino mweusi uitwao wino wa India, kisha akafunika kwa kioo chembamba. Wino ukizidi, mwanga haupiti na kila kitu kinamezwa na giza. Kipimo cha zamani ni kuweka kioo hicho juu ya gazeti: maandishi yakisomeka, wino ni wa kiasi.

Wino hautii rangi fangasi. Kriptokokasi ni chachu, seli moja ya mviringo, na huzungukwa na koti la ute mzito kama wa bamia. Koti hilo halionekani ndani ya maji, lakini chembechembe za wino ni kubwa mno kulipenya. Zinazuiwa nje, na mahali pa koti panabaki duara jeupe katikati ya weusi.

Hapa ndipo macho ya haraka hudanganyika, kwani kila kinachosukuma wino huacha weupe. Tuangalie kioo cha kijana wetu. Kwa lenzi ya 10 vinaonekana vidoa vyeupe kadhaa, na mtaalamu anahamia lenzi ya 40. Kidoa cha kwanza kina ukingo mkali na mweupe tupu, bila chochote ndani: ni povu la hewa. Cha pili kina weupe mwembamba wenye ukingo uliofifia na usio sawa, na kilichomo ndani hakina ukuta unaong'aa: ni chembe nyeupe ya damu, ambayo ndiyo humpotosha msomaji kuliko vyote. Cha tatu kina duara pana lenye ukingo safi, ndani yake seli ya mviringo yenye ukuta unaong'aa, na ubavuni seli changa iliyoshikwa kwa shingo nyembamba. Hiyo ni chachu inayochipuza. Asiyetazama ndani ya duara hajasoma kioo.

Majibu ya namna hii hayasubiri karatasi izunguke. Maabara hupiga simu wodini, na mgonjwa huanzishiwa dawa za fangasi. Presha ya maji kichwani nayo hupimwa, maana ikiwa juu hupunguzwa kwa kutoa maji tena kwa sindano.

Je, kama hakuna duara lililoonekana? Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wino hugundua wagonjwa takriban 86 kati ya 100. Lakini kwa wale ambao fangasi bado ni wachache, chini ya 1,000 katika mililita moja, uligundua 42 tu kati ya 100. Hao ndio waliowahi hospitali mapema, na ndio ambao wino huwakosa. Kipimo cha kijiti kinachotafuta antijeni ya fangasi kiligundua zaidi ya 99 kati ya 100 katika utafiti huohuo. Kwa maoni yangu, majibu hasi ya wino pekee hayatoshi kumruhusu mgonjwa wa VVU mwenye kichwa kinachouma hivyo arudi nyumbani.

Wino pia haufai kupima kama dawa zinafanya kazi, kwa sababu chachu iliyokufa hubaki na koti lake na huendelea kuonekana kwa muda. Anayetaka kujua kama wamo walio hai huotesha maji hayo maabara.

Ukiwa unamuuguza ndugu wa namna hii na ukaambiwa kipimo cha wino hakikuonyesha kitu, muulize daktari kama kipimo cha antijeni kimefanywa.