Kadi Yako Siyo Kitabu

Tuseme binti alibatizwa Mbinga mwaka 1994, akahamia Dar es Salaam, sasa anataka kufunga ndoa ya Kikatoliki. Anampelekea paroko kadi ya ubatizo ambayo mama yake ameitunza kwenye mfuko wa nailoni miaka yote. Paroko anaisoma, anaikubali, kisha anamwambia alete barua mpya kutoka parokia aliyobatizwa, iliyoandikwa ndani ya miezi 6.

Wengi huona ni usumbufu. Tarehe ya ubatizo haibadiliki, barua mpya ya nini? Ila kinachotafutwa siyo tarehe peke yake. Kila parokia ina kitabu cha ubatizo, na kila mbatizwa ana mstari wake wenye namba, ambayo kwenye kadi hutanguliwa na herufi L.B. Mstari huo una jina lake, wazazi, msimamizi, padri aliyebatiza, na tarehe na mahali pa kuzaliwa na kubatizwa. Pembeni huachwa nafasi. Akipata kipaimara, huandikwa hapo. Akifunga ndoa, hata kama ni Mwanza, paroko wa huko anatakiwa kupeleka taarifa Mbinga ili nayo iandikwe hapo. Akiwa padri au mtawa wa nadhiri za daima, vivyo hivyo.

Kwa hiyo kadi ya 1994 inasema ya 1994. Kama mwenyewe alifunga ndoa 2015, kadi haijui. Kitabu kinajua, ilimradi taarifa ilifika. Barua mpya hunakili mstari pamoja na hayo ya pembeni, ikapigwa mhuri na kusainiwa. Ndiyo maana huwa na tarehe mbili, ya ubatizo na ya kuandikwa, na paroko wa ndoa huanza na hiyo ya pili.

Kinachokwamisha zaidi ni jina. Binti anaagiza barua ya "Neema", jina la shuleni na la kitambulisho, kumbe kitabuni ni Skolastika. Katibu wa parokia anapekua, hamwoni. Heri kutuma namba ya L.B., au majina ya wazazi na mwaka. Na katibu akimpata, ataandika Skolastika, kwa sababu kazi yake ni kunakili. Uhusiano wa majina hayo mawili huthibitishwa kwa hati nyingine. Kumbuka pia kwamba kigango kikipandishwa kuwa parokia, vitabu vya zamani kwa kawaida hubaki parokia mama.

Na kama kitabu kiliungua au kililiwa na mchwa? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 876, inaruhusu ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka, pale ambapo hakuna mwingine anayeumia kwa ushuhuda huo. Aliyebatizwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe. Kwa binti wetu, shahidi huyo angeweza kuwa mama wa ubatizo, akiwa hai na anakumbuka.