Kinyago Mkononi, Lebo Kidoleni

Ancona ni mji wa bandari mashariki mwa Italia, na ndani yake kuna makumbusho ambamo mgeni anatarajiwa kushika kila kitu. Makumbusho ya Omero yalianzishwa mwaka 1993 kutokana na wazo la mume na mke wasioona, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, waliokuwa wamechoka kusafiri huku na huko na kuambiwa kila waendapo kwamba vitu haviguswi. Humo mna nakala za plasta za sanamu mashuhuri, na mifano midogo ya majengo kama vile Panteoni la Roma. Jengo lenyewe ni kubwa mno kwa mikono ya mtu yeyote, lakini mfano wake unakumbatika.

Uamuzi huo wa kuweka vitu vyenye umbo kamili una sababu ya kisayansi. Makumbusho mengi yanapotaka kumhudumia mgeni asiyeona huanza na njia inayoonekana rahisi: huchukua picha, huinua mistari yake juu ya karatasi au plastiki, kisha humpa aipapase. Mwaka 1985 watafiti Roberta Klatzky na Susan Lederman, pamoja na mwenzao, waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwapa vitu 100 vya kawaida vya nyumbani. Walivitambua karibu vyote, na vingi ndani ya sekunde chache tu. Majaribio ya baadaye yalitumia michoro ya mistari iliyoinuliwa badala ya vitu vyenyewe. Hapo waliofungwa macho walitambua kama theluthi moja tu, na watu waliozaliwa bila kuona wakatambua michache zaidi.

Kosa si la vidole. Fikiria kiti. Mkono unajua kwamba kina miguu minne iliyo sawa na kikalio cha mraba. Lakini mchoro wa kiti huonyesha miguu miwili mirefu na miwili mifupi, na kikalio kilichopinda upande, kwa sababu mchoraji amefuata kanuni za jicho: cha mbali huonekana kidogo, cha mbele huziba cha nyuma. Asiyewahi kuona hana sababu ya kuzijua kanuni hizo. Juu ya hayo, kidole hupata sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, na vipande vyote inabidi viungwe kichwani. Kitu halisi humpunguzia mtu kazi hiyo, kwani hukizungushia viganja, hukipima uzito, hukibonyeza, na kuhisi ubaridi wake.

Ubaridi si jambo dogo. Marumaru hunyonya joto la mkono haraka, plastiki haifanyi hivyo. Kwa hiyo nakala iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa maumbo inaweza kuwa sahihi kwa kila kipimo na bado ikadanganya, tena mara nyingi huacha mifuo myembamba ya matabaka ambayo kidole huidhania kuwa kazi ya msanii. Dawa yake ni kuweka pembeni kipande cha jiwe au mti wa aina ileile, ili mgeni apate umbo kwenye nakala na ngozi ya kitu kwenye kipande.

Hebu tuchukue kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa ujamaa, mnara wa watu waliopandana, uliochongwa kwenye gogo moja la mpingo. Kwa ziara ya kugusa ni chaguo zuri. Mpingo ni mgumu na mzito, na hausumbuliwi na vidole kama nguo, karatasi au shaba isiyopakwa nta, ambayo chumvi na mafuta ya ngozi huichakaza. Hata hivyo pete, saa na bangili huvuliwa kwanza, kwa kuwa chuma ndicho hukwaruza. Kinyago kifungwe imara kwenye meza, maana anayepapasa huegemea.

Mwongozaji hutangulia na umbo zima: urefu, upana, kitu kimetazama wapi, kimetengenezwa kwa nini. Kisha mgeni huweka mkono mmoja kwenye kitako cha kinyago uwe nanga, na wa pili hupanda taratibu. Mwongozaji hamkamati mkono na kuuburuta. Akihitaji kuonyesha kitu huweka wake chini ya mkono wa mgeni, ambaye huufuata na kuuacha apendapo. Maneno kama "pale" na "hiki hapa" hayafai kitu. Husemwa "juu ya kidole gumba chako cha kushoto kuna goti". Kinyago kama hiki hula dakika 10 kwa urahisi, na ziara inayojaribu kumaliza vitu 20 kwa saa moja imekwisha kuharibika kabla haijaanza.

Sasa lebo. Maandishi ya nukta nundu yana vipimo ambavyo haviwezi kukuzwa wala kupunguzwa ili kumridhisha msanifu. Kila alama hutumia nafasi ya nukta 6, safu mbili za nukta tatu tatu, na kutoka alama moja hadi nyingine ni kama milimita 6.2. Nukta zikikaribiana zaidi ncha ya kidole hushindwa kuzitenganisha. Zikiachana, neno hutawanyika. Kichwa cha lebo yetu, "Kinyago cha Wamakonde", kina herufi 19 na nafasi mbili, na herufi kubwa mbili kila moja hudai alama yake ya kutangulia. Jumla ni 23, yaani sentimita 14 na kitu kwa maneno matatu. Maelezo ya maneno 100, kwa Kiswahili chetu chenye maneno marefu, yatajaza mistari karibu 25 ya alama 30, na kila mstari unahitaji sentimita moja ya kimo. Hiyo ni karibu karatasi nzima ya A4, wakati wino ungetosha kwenye kadi ndogo. Kwa hiyo lebo ya nukta nundu huandikwa upya, fupi, ikianza na kile ambacho mkono hauwezi kujua wenyewe: nani alichonga, wapi, lini.

Mahali pake pia pana hesabu. Lebo ikibandikwa wima ukutani, kifundo cha mkono hupinda vibaya. Ikiwekwa kwenye ukingo ulioinama, karibu na kimo cha kiuno, kiganja hulala. Na ikae upande uleule kwa kila kitu, la sivyo mgeni hutumia ziara yake kuitafuta. Makosa mengine yangechekesha kama yasingekuwa ya kweli: nukta zilizochapwa kwa wino bila kuinuka, kibao kilichobandikwa juu chini, lebo iliyo nyuma ya kioo.

Isitoshe, wengi wanaoitwa vipofu wana uoni kidogo, na waliopoteza macho ukubwani mara nyingi hawajasoma nukta nundu. Hao wanahitaji sauti, au herufi kubwa, pointi 18 na zaidi, nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Hapa makumbusho hugongana na yenyewe: nguo na miswada ya kale huwekwa kwenye mwanga hafifu wa kama laksi 50 ili isichuje, na katika mwanga huo hata lebo nzuri mno haisomeki kwa mwenye uoni hafifu. Kuongeza taa ni kuua kitu. Kinachobaki ni kuchapa maelezo yaleyale kwenye kijitabu, na kumpa mgeni kiti penye mwanga asome kabla hajaingia, au taa ndogo inayomulika lebo peke yake.