Sura Si Ngeni, Jina Limetoka

Mtu anapochangamkiwa na mwenzake asiyemkumbuka, mara nyingi tatizo si dharau wala uzee. Kuiona sura na kuhisi kwamba si ngeni ni jambo moja, kujua mwenye sura ni nani ni jambo la pili, na jina huja mwisho kabisa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Uingereza, Andrew Young, Dennis Hay na Andrew Ellis, walichapisha utafiti wa watu 22 waliokuwa wakiandika kila walipokosea kumtambua mtu. Mara nyingi mtu alijua kazi ya aliyemwona, ila jina likamtoka. Halikupatikana hata tukio moja la mtu kukumbuka jina bila kujua jambo jingine lolote kumhusu mwenye jina hilo.

Mahali nako huchangia. Muuza samaki anayetambulika mara moja akiwa kwenye meza yake huweza kuwa mgeni kabisa akikutwa hospitalini amevaa kanzu. Kwa hiyo asiyekumbuka asihangaike kutafuta jina. Atafute kwanza wapi walikutana, maana mahali pakipatikana, jina huweza kufuata.

Salamu za Kiswahili humpa nafasi ya kufanya hivyo bila kumvunjia mtu heshima. Ni ndefu, na hazihitaji jina. Chukua mfano wa mama anayenunua nyanya sokoni, kijana akamjia akitabasamu: "Shikamoo, Mama Rehema!" Akijibu "Marahaba, baba, hujambo?" amekwisha kutimiza wajibu wake, na kijana ameshamwambia jambo kubwa bila kukusudia. Anayemwita mwanamke kwa jina la mwanawe huenda anamfahamu kupitia mtaa, shule ya mtoto au nyumba za jamaa. Angemwita "Mwalimu" au "Dada Nesi", dalili ingeelekea kazini. Angemwita kwa jina la utani la utotoni, ingeelekea kijijini au shule ya msingi.

Hatua inayofuata ni kuuliza maswali mapana na kusikiliza. "Za siku nyingi?" "Nyumbani hawajambo?" "Siku hizi uko wapi?" Kijana akijibu kwamba bado yuko Korogwe na kwamba bibi anamsalimu, mama hupata mji na ukoo kwa pamoja, na huenda akakumbuka arusi aliyohudhuria huko. Swali la kuepuka ni lile linalomtaja mtu mahususi, kama "Mzee hajambo?" au "Shemeji yuko wapi?" Huenda mzee alifariki, na anayeuliza alikuwepo msibani. Huenda ndoa ilivunjika. Vilevile jina lisibahatishwe. Aliyesahauliwa huumia kidogo, lakini aliyeitwa kwa jina la mwingine huumia zaidi.

Ikiwa salamu ni za kupishana njiani, hapo panatosha: watu huagana kwa heri na kila mtu akashika njia yake. Ila zipo hali tatu ambazo ukweli lazima usemwe: mazungumzo yanapoelekea kuwa marefu, inapoombwa namba ya simu au msaada, na anapouliza mwenyewe, "Umenitambua lakini?" Kusema ndiyo hapo ni kujifunga, kwa sababu swali la pili huwa ni "Haya, mimi nani?" Jibu la heshima ni fupi: "Sura naikumbuka vizuri, jina ndilo limenitoka. Hebu nikumbushe, baba." Ikiwa hata sura haikumbukwi, basi aseme tu, "Niwie radhi, naomba unikumbushe." Likisemwa mapema halina uzito; likisemwa baada ya nusu saa ya kucheka pamoja, huonekana kama udanganyifu. Jina likishatajwa, lirudiwe papo hapo ndani ya mazungumzo ili lishike.

Ukarimu huu una mpaka. Mijini wapo matapeli wanaojifanya jamaa waliosahauliwa. Dalili yao ni kwamba hawataji mahali wala mtu, bali humwacha mwenzao ajaze: akisema "Wewe ni mtoto wa Mzee Hamisi?" hudakia, "Ndiyo, huyo huyo!" kisha hufuata ombi la fedha la haraka. Kinga ni kutompa jina la kudakia, na kumwomba ajieleze mwenyewe. Jamaa wa kweli hujieleza bila shida.

Sehemu ya mzigo huu ni ya anayesalimu pia. Kumuuliza mtu mzima mbele za watu "Umenisahau, eeh?" ni kumtia mtihanini. Anayemsalimu mtu wa siku nyingi na aanze kwa kujitaja: "Shikamoo mama, mimi Juma, mjukuu wa Bi Zainabu wa Korogwe." Salamu ya namna hiyo haimwaibishi yeyote.